Bajeti ya Kwanza ya Kikundi: Kipi Kitangulie, Kipi Kifuate



Sheria huitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vingi vinavyoomba mkopo huo huandika bajeti kwa mara ya kwanza. Maswali na majibu haya yanafuata mfano wa kikundi cha wanawake 10 wanaonunua dagaa wabichi mwaloni, wakawaanika na kuwauza. Tarakimu ni za mfano tu. Kila kikundi kiweke bei za soko lake.

Swali: Ukurasa wa kwanza uwe na nini?

Jibu: Jina la kikundi, mahali kilipo na kipindi cha bajeti. Halmashauri huhesabu mwaka wa fedha kuanzia tarehe 1 Julai hadi 30 Juni, na ni rahisi kwa kikundi kufuata kipindi hicho. Baada ya hapo uje mpango kazi, kabla ya fedha yoyote kutajwa: kikundi kitajenga vichanja 20 mwezi Julai, na kila mwezi kitanunua ndoo 50 za dagaa kwa wastani. Anayeanza na fedha huishia kutafutia fedha hizo kazi.

Swali: Kisha yafuate mapato au matumizi?

Jibu: Mapato. Kila chanzo kiwe na mstari wake na hesabu yake. Mauzo ya wastani wa shilingi 1,500,000 kwa miezi 12 ni 18,000,000. Ada ya wanachama 10, kila mmoja 5,000 kwa mwezi, ni 600,000. Mkopo wa 3,000,000 uandikwe peke yake, chini ya mapato hayo, kwa kuwa ni deni. Fedha zote zitakazoingia ni 21,600,000.

Swali: Na matumizi yapangwe vipi?

Jibu: Yafuate mpangilio wa mpango kazi, na kila mstari uonyeshe idadi na bei. Vichanja 20 kwa 150,000 ni 3,000,000. Ndoo 600 za dagaa kwa 20,000 ni 12,000,000. Magunia na usafiri, 200,000 kwa mwezi, ni 2,400,000. Mwisho ni marejesho ya mkopo, 300,000 kwa miezi 10 kuanzia Septemba, yaani 3,000,000. Jumla ni 20,400,000, na salio ni 1,200,000.

Mstari wa marejesho ndio unaosahaulika zaidi. Ukiachwa, salio litaonekana kuwa 4,200,000. Wanachama watagawana fedha ambazo si zao, na siku ya kulipa sanduku litakuwa tupu.

Swali: Ikiwa mwaka una salio, kazi imekwisha?

Jibu: Bado. Sehemu inayofuata ni jedwali la miezi, kwani dagaa hawana mapato ya kila siku. Huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka uvuvi hupungua. Wakati wa mvua dagaa hawakauki vizuri, na walioharibika huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Tuseme Aprili kikundi kimenunua ndoo 40 kwa 800,000, kimelipa usafiri 200,000 na marejesho 300,000. Kimetumia 1,300,000. Mauzo yakiwa 900,000 na ada 50,000, upungufu ni 350,000. Jumla ya mwaka isingeuonyesha upungufu huo. Jedwali la miezi linauonyesha mapema, na kikundi kinajua kwamba akiba ya miezi ya kiangazi isiguswe.

Swali: Mwishoni kunawekwa nini?

Jibu: Maelezo mafupi ya misingi ya makisio: bei ya ndoo ilipatikana mwalo gani, tarehe gani, na kwa nini mauzo ya masika yamepunguzwa. Kisha sahihi za mwenyekiti, katibu na mweka hazina, pamoja na tarehe ya mkutano mkuu ulioidhinisha bajeti.

Swali: Kasoro hutambuliwaje kabla ya kuwasilisha?

Jibu: Wekeni kidole kwenye kila mstari wa matumizi na muulize ni wa kazi ipi katika mpango. Usio na kazi ufutwe. Kisha ipitieni kila kazi na muulize gharama yake iko wapi. Mstari kama "dharura 500,000", usio na hesabu wala maelezo, ni dalili ya kukisia tu.

Hata hivyo bajeti hubaki kuwa makisio. Kila mwisho wa mwezi mweka hazina aandike kiasi halisi kando ya kilichokisiwa. Bei ya ndoo ikipanda hadi 25,000, ndoo 50 zitahitaji 250,000 zaidi kwa mwezi huo, na kikundi kitaamua kupunguza ndoo kabla hakijashindwa kurejesha.