Karata Huchangwa Mara Ngapi?
Mtu akifungua karata mpya huzichanga mara tatu, kisha anagawa. Hazijachanganyika.

Tuseme karata 52 zimepangwa kutoka 1 hadi 52. Unazikata mafungu mawili, unayaachia pembe zichomekane. Sasa anza juu, itafute 1, kisha 2 chini yake, kisha 3: utakuta mlolongo mmoja unaokomea katikati ya hesabu, na wa pili unaoendelea hadi 52. Mpangilio wa kiwandani ungalipo, umefumwa tu. Kila ukichanga, milolongo huongezeka, lakini haiwezi kuzidi maradufu: miwili, minne, minane. Baada ya mara tano haizidi 32. Ili karata zikae kinyume kabisa, 52 juu na 1 chini, inatakiwa milolongo 52. Basi mpangilio huo hauwezekani kabla ya mara ya sita.

Mwaka 1992, Dave Bayer na Persi Diaconis, huyu wa pili aliwahi kuwa mfanya mazingaombwe, walitoa hesabu kamili. Pengo kati ya karata zako na zilizochanganyika kweli, likianzia 1 kushuka hadi 0, ni 0.92 baada ya mara tano, 0.61 baada ya sita, 0.33 baada ya saba. Kuanzia hapo kila ukichanga hupungua karibu nusu. Ndiyo maana husemwa saba, ingawa penye fedha mimi ningedai nane.

Na yule anayechomoa vifungu mkononi na kuvirudisha juu? Huyo atachanga mara maelfu.