Uzi Unaojengwa kwa Vipande: Kazi ya Vimeng'enya Kwenye Panda ya DNA



Bakteria wa utumboni aitwaye E. coli ana DNA ya duara yenye jozi za besi zipatazo milioni 4.6. Akipata chakula na joto linalomfaa, huinakili yote kwa dakika 40 hivi. Kazi huanzia mahali pamoja na kuelekea pande mbili, hivyo panakuwa na panda mbili, yaani sehemu mbili ambapo nyuzi zilizosokotana huachana. Kila panda hupita jozi milioni 2.3 kwa sekunde 2,400, sawa na karibu jozi 1,000 kwa sekunde. Jioni hii tusimame kwenye panda moja tu.

Anayetangulia ni helikesi. Katika E. coli, kimeng'enya hiki ni pete ya protini sita iliyouzunguka uzi mmoja. Hutumia nishati ya ATP kusonga mbele, na kadiri kinavyosonga ndivyo vifungo vya hidrojeni kati ya besi vinavyokatika. Nyuzi zilizoachana hufunikwa mara moja na protini nyingine, zisije zikarudiana.

Nyuma ya helikesi yuko polimeresi, mjenzi mwenyewe. Huleta A mbele ya T na G mbele ya C, lakini ana masharti mawili. Kwanza, hawezi kuanza uzi mpya. Anaweza tu kurefusha ulioanza. Pili, hurefusha upande mmoja tu, ule wa ncha ya 3′. Sharti hili la pili lina faida yake. Nishati ya kuunganisha huja na nukleotidi mpya inayoingia. Polimeresi akikosea, huing'oa nukleotidi mbaya, na ijayo huja na nishati yake. Kama uzi ungekua upande wa 5′, kung'oa kosa kungeiacha ncha bila nishati, na ujenzi ungekwama hapo hapo.

Tatizo ni kwamba nyuzi mbili za DNA zimelala kinyumenyume. Kwenye uzi mmoja, polimeresi huifuata helikesi bila kusita. Kwenye wa pili, mwelekeo anaoruhusiwa kujenga unamtenga na panda. Hana budi kujenga kipande kifupi akielekea nyuma, kisha aanze kingine karibu na panda iliyokwisha kusonga.

Kila kipande huhitaji mwanzo, na mwanzo huo huwekwa na primesi. Hiki ni kimeng'enya kinachoweza kuanza bila kitu, ila hujenga kwa RNA, nukleotidi kama 10 hivi. Polimeresi yule yule mjenzi, aitwaye polimeresi III, huidaka ncha hiyo na kuirefusha kwa DNA mpaka akifikie kipande kilichotangulia. Hapo polimeresi mwingine, polimeresi I, huiondoa RNA na kujaza DNA mahali pake. Hata hivyo, hubaki ufa: besi zote zipo, lakini vipande viwili vinavyopakana havijashikana. Ligesi ndiye huuziba.

Tulijuaje haya? Mwaka 1968, Reiji Okazaki, mkewe Tsuneko na wenzao wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, waliwapa bakteria thimidini yenye mionzi kwa sekunde chache tu, kisha wakasimamisha kazi. Walizitenganisha nyuzi kwa alkali na kuzipima kwa kuzizungusha kwa kasi ndani ya maji ya sukari, ambamo uzi mrefu huzama haraka kuliko mfupi. Mionzi ilionekana katika vipande vya nukleotidi 1,000 hadi 2,000. Walipowapa muda zaidi, mionzi ilihamia kwenye nyuzi ndefu.

Mtu angeweza kudai kwamba vipande hivyo ni uzi mrefu uliovunjika maabara. Jibu lilitoka kwa kirusi T4, anayeshambulia bakteria. Walichukua kirusi ambaye ligesi yake hushindwa joto likipanda. Joto lilipopanda, vipande vifupi vilirundikana. Waliposhusha joto, vikaungana. Kuvunjika maabara hakungengoja ligesi ipone.

Sasa tupige hesabu. Tuseme kipande kina nukleotidi 1,500. Kila panda huhitaji takriban vipande 1,500, na panda mbili kama 3,000, katika dakika zile 40. Kwa hiyo primesi huanza kipande kipya kila sekunde moja na nusu hivi kwenye kila panda, na ligesi ana nyufa zipatazo 3,000 za kuziba. Ndiyo maana bakteria mwenye ligesi isiyostahimili joto hufa joto likipanda, hata kama helikesi, primesi na polimeresi wake wote ni wazima: ana kila besi inayotakiwa, lakini hana uzi mzima wa kumrithisha mtoto.