Futi na Mkojo Kliniki ya Wajawazito

Mama mjamzito wa Arua na Koboko, nawe baba, sikilizeni.

Nenda kliniki kabla miezi mitatu haijaisha. Siku hiyo ya kwanza mkunga anapima damu, virusi vya ukimwi, kaswende, presha na uzito. Kwa jumla utahudhuria mara nane, na mwishoni mahudhurio yanakaribiana. Presha hupimwa kila mara.

Mimba ikipita miezi mitano, mkunga anaweka futi tumboni, kutoka mfupa wa kinena hadi juu ya mfuko wa uzazi. Sentimita hukaribia idadi ya wiki. Mimba ya wiki 30, futi isome karibu 30. Ikisoma 26, huenda mtoto hakui vizuri, maji ni machache, au tarehe zilikosewa. Mkunga atalinganisha na kipimo kilichopita. Kwa hiyo kadi usiiache nyumbani. Kadi, mama, njoo nayo.

Halafu mkojo. Kijiti kinachovywa, rangi inabadilika. Protini ikionekana na presha imepanda, kifafa cha mimba kinanyemelea, hata kama unajisikia mzima kabisa. Hapo ndipo wengi wanapochelewa. Unapotoa mkojo wa kupimwa, jisafishe kwanza, acha mkojo wa mwanzo upite, kinga wa katikati. Ute au damu hudanganya kijiti.

Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, au uso ukivimba ghafla, usingoje tarehe ya kadi. Nenda kituo cha afya leo hii, usiku au mchana.