Kutambua Fe(II) na Fe(III) kwa Spektra za Mionzi ya Gama: Tatizo la Jozi Nyembamba

1. Utangulizi

Nimeombwa nieleze namna spektra za mwangwi wa mionzi ya gama zinavyotumika kutambua hali ya chuma katika misombo yake. Misingi tunaifahamu, hivyo nitaipitia haraka. Kobalti-57 hutupatia mionzi ya keV 14.4, nayo hufyonzwa na viini vya chuma-57 ndani ya sampuli. Chanzo husogezwa mbele na nyuma, na ndiyo maana matokeo husomwa kwa mm/s. Mhamo wa isomeri hupima msongamano wa elektroni za s kwenye kiini: kwa chuma, msongamano ukipungua, mhamo huongezeka. Mgawanyiko wa kwadrupoli hupima jinsi chaji zinazokizunguka kiini zilivyokosa ulinganifu.

Fe(II) ya spini ya juu haisumbui. Elektroni yake ya sita ya d huzikinga zile za s, hivyo mhamo hupanda. Elektroni hiyohiyo huvunja ulinganifu, na mistari miwili hutengana sana. Feri salfeti yenye maji hutoa mhamo wa karibu 1.26 na mgawanyiko wa karibu 3.2, na hapo hakuna wa kubishana.

2. Tatizo lenyewe

Ugomvi wangu ni na jozi nyembamba: mistari miwili iliyokaribiana, yenye mhamo kati ya 0.3 na 0.5. Ripoti nyingi ninazoletewa kuzipitia huiandika Fe(III) ya spini ya juu na kufunga mjadala. Sitaki kumnyooshea mtu kidole, lakini sitaacha kulisema.

Tuchukue msombo wa [Fe(phen)2(NCS)2], uliochunguzwa tangu miaka ya 1960. Katika 293 K mhamo wake ni 0.98 na mgawanyiko ni 2.67, yaani Fe(II) ya spini ya juu isiyo na shaka. Ukipoozwa hadi 77 K, mhamo unakuwa 0.37 na mgawanyiko 0.34. Anayepewa spektra ya pili peke yake, akafungua jedwali la vitabuni, atasema hii ni Fe(III). Lakini hakuna elektroni iliyotoka. Karibu na 176 K, elektroni zimejipanga upya na chuma kimekuwa Fe(II) ya spini ya chini.

Sababu ya kufanana ni hii. Fe(III) ya spini ya juu ina elektroni tano za d, moja katika kila obitali. Fe(II) ya spini ya chini ina sita zilizojaza obitali tatu za chini. Mipangilio yote miwili ina ulinganifu, hivyo mgawanyiko ni mdogo. Tena, katika spini ya chini vifungo hufupika na ligandi huvuta sehemu ya elektroni za d. Kinga hupungua na mhamo hushuka.

Vipimo viwili hutenganisha hali hizi. Cha kwanza ni kupasha sampuli joto: jozi pana ikirudi, ni badiliko la spini. Cha pili, kwa msombo usiobadilika, ni kupima katika 4.2 K ndani ya uga wa sumaku wa tesla kadhaa. Kiini cha Fe(II) ya spini ya chini huhisi uga wa nje tu. Kile cha Fe(III) ya spini ya juu hupata uga wa ndani wa karibu tesla 50, na mistari hutawanyika hadi karibu mm/s 16.

Kuna jambo la sifuri pia. Mhamo wa 0.37 ukipimwa dhidi ya chuma cha alfa ni 0.63 dhidi ya natri nitroprusidi, kwa kuwa sifuri hizo zimepishana kwa 0.26. Halijoto nayo ina lake: kupooza kutoka 300 hadi 77 K bila badiliko lolote la elektroni huongeza mhamo kwa takriban 0.1.

3. Mapendekezo

(i) Kila mhamo uandikwe pamoja na sifuri yake. Chuma cha alfa kiwe ndicho kawaida.

(ii) Halijoto ya sampuli iandikwe kando ya kila namba.

(iii) Jozi nyembamba isiitwe Fe(III) kwa spektra moja tu.

(iv) Sampuli ipimwe angalau katika halijoto mbili.

(v) Pasipokuwa na sumaku kubwa, kipimo cha kawaida cha usumaku kiambatishwe: Fe(II) ya spini ya chini haina elektroni pweke, ilhali Fe(III) ya spini ya juu inazo tano.

(vi) Majedwali ya halijoto ya chumba yasitumike kwa sampuli iliyopoozwa.

(vii) Wahariri na watahini warudishe ripoti isiyotaja sifuri na halijoto.

Pendekezo la saba halihitaji bajeti wala kifaa kipya. Naomba semina hii ilipitishe leo.