Ziada ya Chama Tuigaweje?

Wengi wetu tuna hisa katika SACCOS za nyumbani. Tuchukue mfano: chama kimepata ziada ya shilingi milioni 10. Kwanza, milioni 2 zinaingia kwenye akiba ya chama. Hizo hazigawanywi, maana ndizo zitakazofidia mikopo isiyolipwa.

Zinabaki milioni 8. Tukizitoa zote kuwa gawio, na hisa za wanachama wote ni milioni 100, gawio ni asilimia 8. Mama mwenye hisa za milioni 2, asiyekopa, atapata 160,000. Kijana mwenye hisa za 500,000, aliyelipa riba ya 600,000, atapata 40,000 tu. Na ziada yenyewe imetokana na riba za wakopaji kama yeye!

Sasa tutenge milioni 3 za kuwarudishia wakopaji. Ikiwa riba yote iliyolipwa ni milioni 30, kila mkopaji anarudishiwa asilimia 10 ya riba yake. Gawio linashuka hadi asilimia 5: mama anapata 100,000, kijana 85,000.

Kabla ya kupiga kura, muulizeni mhasibu: riba hii imeshalipwa, au imeandikwa vitabuni tu? Isiyolipwa msiigawe.