Namba ya Utambulisho wa Taifa: Nyaraka, Hatua na Tahadhari
(Maelezo yaliyotolewa kwa wananchi katika mkutano wa hadhara wa kata)



Vijana wengi wa kata hii wametimiza miaka 18, na sasa wanastahili kuomba Kitambulisho cha Taifa. Bila namba yake, kijana hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, na atakwama akiomba pasipoti. Ndiyo maana wengine hutumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine, jambo ambalo huleta matatizo siku laini hiyo inapotumika vibaya.

Nianze na nyaraka. Mwombaji atafute kwanza cheti chake cha kuzaliwa. Kisha aongeze vyeti vya shule alivyo navyo, pamoja na nakala ya kitambulisho au cheti cha kuzaliwa cha mzazi mmoja au wote wawili, kwa kuwa uraia wake utapimwa pia kwa wazazi wake. Mwenye kadi ya mpiga kura, leseni ya udereva au kadi ya bima ya afya, aichukue pia. Aende na nyaraka halisi na nakala zake.

Kabla ya kujaza fomu, naomba kila mmoja aketi nyumbani, atandaze nyaraka hizo mezani na kuzilinganisha herufi kwa herufi. Tuchukue mfano wa binti aliyezaliwa tarehe 14 Machi 2006. Cheti chake cha kuzaliwa kinasomeka Salehe katika jina la ukoo, lakini cheti cha shule kinasomeka Saleh, na mwaka wa kuzaliwa umeandikwa 2005. Tofauti hizi zinaonekana ndogo, lakini zinatosha kusimamisha maombi. Binti huyu aanze katika ofisi iliyotoa cheti chenye kosa, aulize utaratibu wa kukisahihisha, na ndipo aje kuomba.

Sababu yake ni hii. Namba ya Utambulisho wa Taifa ina tarakimu 20, na tarakimu 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, kisha siku. Namba ya binti wetu itaanza na 20060314. Ikianza na 20050314, kosa la shuleni litakuwa limeingia katika namba atakayoitumia maisha yake yote, na kulirekebisha ni safari nyingine yenye nyaraka zake. Kwa hiyo mtu akipokea namba yake, asome tarakimu hizo 8 kabla ya jambo jingine lolote.

Hatua zenyewe ni nne. Kwanza, mwombaji anajaza fomu ya maombi ya raia, ambayo hupatikana bure katika ofisi ya wilaya ya Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, yaani NIDA, au katika tovuti yake. Pili, anaipeleka fomu kwa uongozi wa kijiji anachoishi, ili itiwe saini na muhuri. Tatu, anafika mwenyewe katika ofisi ya NIDA pamoja na nyaraka zake. Hapo Afisa Uhamiaji anaweza kumhoji kuhusu uraia wake, na baadaye huchukuliwa alama za vidole, picha na saini. Hatua hii haifanywi kwa niaba ya mtu mwingine. Nne, anasubiri uhakiki. Namba hutangulia na kadi hufuata, na namba inatosha kwa huduma nyingi wakati kadi ikisubiriwa.

Ndugu wananchi, usajili wa mara ya kwanza haulipiwi. Anayekudai fedha ili akuharakishie namba ni kishoka, hata akiwa amevaa vizuri na kubeba mafaili. Tovuti ya Mamlaka ni www.nida.go.tz. Tazameni mwisho wa anwani, kwa kuwa anwani za Serikali huishia kwa .go.tz. Ukurasa ukibeba neno nida lakini ukaishia kwa .com, usiujaze taarifa zako. Ili kufuatilia namba kwa simu, pigeni *152*00# na kufuata maelekezo yanayotokea.

Mwenye namba tayari apige *106# katika simu yake, aone laini zilizosajiliwa kwa namba hiyo. Akikuta laini asiyoitambua, atoe taarifa kwa mtoa huduma wa mtandao husika bila kuchelewa.

Taratibu hubadilika. Maelezo haya yakitofautiana na tangazo lililobandikwa katika ofisi ya NIDA ya wilaya, fuateni tangazo hilo.