Tahadhari ya Bei ya Mahindi Handeni na Korogwe: Kutumia Wastani wa Upana Halisi Kutambua Mtikisiko Usio wa Kawaida

Mada kwa semina ya maofisa masoko, maofisa ugani na viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika

1. Utangulizi

Kila mmoja wetu amewahi kupigiwa simu na mwanachama anayeuliza: "Bei imeshuka ghafla, niuze au nisubiri?" Kabla ya kumjibu kuna swali jingine la kumaliza kwanza. Je, mshuko huo umezidi kupanda na kushuka kulikozoeleka katika soko lile, au ni wa kila gulio? Shilingi 50 kwa kilo ni jambo dogo wiki ambazo bei inayumba, na ni jambo kubwa wiki ambazo bei imetulia. Kiwango kimoja cha kudumu, kama "toa tahadhari bei ikibadilika kwa asilimia kumi", hakioni tofauti hiyo. Kitapiga kelele kila wiki katika miezi ya njaa, kisha kitanyamaza pale tunapokihitaji wakati wa mavuno.

Mada hii inaeleza kipimo kinachojirekebisha kulingana na hali ya soko lenyewe. Kilibuniwa na Mmarekani J. Welles Wilder, aliyekichapisha mwaka 1978 akiwafikiria wafanyabiashara wa bidhaa kwenye masoko ya mikataba. Kwenye programu za bei kinaonekana kwa herufi ATR. Hapa nitakiita wastani wa upana halisi. Nitaonyesha namna ya kukitumia kwa mahindi ya Handeni na Korogwe, na mahali ambapo kitatuangusha tusipokuwa waangalifu.

2. Kwa nini upana "halisi"

Upana wa kawaida wa bei ni bei ya juu kutoa bei ya chini katika siku moja ya soko. Kwa gulio la kila wiki kipimo hicho kina tundu kubwa. Soko hufungwa jioni na kufunguliwa siku saba baadaye, na katika siku hizo saba ndipo mengi hutokea: mvua inanyesha au inakosa, malori kutoka Dar es Salaam yanakuja au hayaji, habari za mpakani zinafika. Siku ya gulio bei inaweza kuanza mahali papya kabisa na kukaa hapo hapo hadi jioni. Ukitazama juu na chini za siku hiyo tu, utasema soko limetulia, kumbe limeruka.

Wilder aliziba tundu hilo kwa kuingiza bei ya kufungia ya siku ya soko iliyotangulia. Upana halisi ni namba iliyo kubwa kuliko zote kati ya hizi tatu: bei ya juu kutoa bei ya chini ya leo, umbali kati ya bei ya juu ya leo na bei ya kufungia iliyopita, na umbali kati ya bei ya chini ya leo na bei ya kufungia iliyopita. Baadaye unachukua wastani wa magulio kadhaa, na huo ndio unaokwambia mtikisiko wa kawaida wa soko hilo ni shilingi ngapi kwa kilo.

Wilder alitumia vipindi 14. Kwa gulio la wiki, vipindi 14 ni zaidi ya miezi mitatu, na katika mkoa wetu wenye vuli na masika muda huo unachanganya mavuno na njaa katika wastani mmoja. Napendekeza magulio manane, yaani takriban miezi miwili. Muda huo unatosha kutuliza kelele za wiki moja moja bila kuvuka msimu.

3. Kukusanya bei tatu za gulio

Ugumu wa kazi hii uko kwenye daftari la bei kuliko kwenye hesabu. Tunahitaji bei tatu kila gulio: ya juu, ya chini na ya kufungia. Ya kufungia iwe ya mauzo ya mwisho ya gunia zima kabla madalali hawajafunga mizani. Zote tatu ziwe za mahindi meupe makavu, kwa kilo, yaliyopimwa.

Tuking'ang'ania kuandika bei ya gunia bila kupima, lumbesa itatuharibia kila kitu. Chukua gunia lililojazwa hadi kilo 120 na kuuzwa shilingi 78,000. Mwandishi wa bei akidhani ni gunia la kilo 100, ataandika shilingi 780 kwa kilo, wakati bei ya kweli ni 650. Kosa hilo moja ni shilingi 130 kwa kilo. Katika soko ambalo mtikisiko wa kawaida ni shilingi 35, tumejitengenezea tahadhari ya uongo inayokaribia mara nne ya kawaida. Bei za juu na chini ndizo zinazoathirika zaidi na kosa la namna hii, kwa sababu muamala mmoja tu unatosha kuzisogeza. Ndiyo maana nashauri bei isikubaliwe kuwa ya juu au ya chini mpaka ithibitishwe na miamala miwili ya watu tofauti.

Tahadhari nyingine inahusu taarifa za bei za jumla za Wizara ya Viwanda na Biashara. Bei ya chini na ya juu za mkoa zilizomo katika taarifa hizo zinaonyesha tofauti kati ya masoko na ubora wa mazao. Ni za manufaa kwa kulinganisha mikoa, ila hazituambii bei ilivyosogea ndani ya gulio moja. Tusizichukue kama bei za juu na chini za kipimo hiki.

4. Mfano wa kukokotoa

Namba zifuatazo nimezitunga kwa ajili ya zoezi. Tuseme upana halisi wa magulio manane yaliyopita, kwa shilingi kwa kilo, ulikuwa 30, 40, 35, 30, 45, 40, 30 na 30. Jumla ni 280; gawanya kwa nane, wastani ni 35. Gulio la mwisho lilifungwa kwa bei ya 700.

Gulio linalofuata, bei ya chini ni 740, ya juu 770, ya kufungia 760. Upana wa siku ni 30 tu, siku tulivu kabisa. Lakini kutoka 700 hadi 770 ni 70, na hiyo ndiyo namba kubwa. Upana halisi ni 70, mara mbili ya wastani wa 35. Hapa ndipo kipimo kinapolipa gharama yake, maana soko lilisogea usiku na mchana ambao hakukuwa na soko.

Wastani sasa unasahihishwa kwa njia ya Wilder: wastani wa zamani mara saba, jumlisha upana mpya, gawanya kwa nane. Tunapata 39.4. Wiki inayofuata wanunuzi wa nje hawatokei. Bei ya juu ni 720, ya chini 640, ya kufungia 650. Kutoka 760 hadi 640 ni 120, yaani mara tatu ya wastani.

Ngazi ninazopendekeza ni tatu. Chini ya mara 1.5 ni kawaida. Kuanzia 1.5 hadi 2.5, ofisa masoko apige simu na kuuliza sababu kabla ya kutangaza chochote. Zaidi ya 2.5, tahadhari itumwe kwa wanachama. Kwa ngazi hizo, gulio la kwanza ni la kufuatilia na la pili ni la tahadhari.

Kwa wenye kompyuta, safu B ni bei ya juu, C ya chini, D ya kufungia, E upana halisi, F wastani, G uwiano. Gulio la kwanza liko mstari wa 2, na upana halisi unaanza mstari wa 3:

```
F10: =AVERAGE(E3:E10)
E11: =MAX(B11-C11, ABS(B11-D10), ABS(C11-D10))
G11: =E11/F10
F11: =(F10*7+E11)/8
```

Angalia kwamba uwiano unagawanywa kwa wastani wa gulio lililopita, F10. Ukigawanya kwa F11, mshtuko wa leo utakuwa umekwisha kuingia kwenye kipimo kinachoupima, na utaonekana mdogo kuliko ulivyo.

5. Kusoma tahadhari: Handeni na Korogwe pamoja

Kipimo hakisemi bei imepanda au imeshuka, wala hakisemi kwa nini. Ni lazima tahadhari itaje mwelekeo, na sababu itafutwe na mtu. Hapa kuwa na masoko mawili jirani kunatusaidia sana. Wilaya zote mbili zikivuka 2.5 wiki moja, tafuteni sababu nje ya wilaya: ununuzi wa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, mahitaji ya Dar es Salaam, au mpaka wa Kenya. Ikivuka Handeni peke yake na Korogwe imetulia, anzeni karibu: barabara, idadi ya wanunuzi waliofika, mizani, au kosa la daftari. Kwa kulinganisha masoko mawili yenye bei tofauti, gawanyeni wastani wa kila moja kwa bei yake ya kufungia. Katika mfano wetu, 35 kwa 700 ni asilimia 5.

Tukumbuke Machi 2021. Tarehe 5 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Tarehe 10 ikafungua tena, kwa masharti ya usajili wa waagizaji na cheti cha kuonyesha kwamba sumu haijazidi kiwango. Siku tano hizo zinaweza kuingia nzima kati ya magulio mawili. Daftari la kila wiki litaona tu kilichobaki baada ya tukio, na pengine lisione kitu. Mkulima aliyeuza shambani katikati ya wiki ndiye aliyebeba mshtuko wote. Kwa hiyo tahadhari ya gulio haiwezi kuchukua nafasi ya simu ya katikati ya wiki pale habari za mpakani zinapozuka.

6. Pale kipimo kinaponyamaza

Upungufu wa kwanza ni kwamba kipimo huzoea mshtuko. Baada ya gulio lile la 120, wastani unapanda hadi 49.5. Mshtuko wa pili wa 120 sasa ni mara 2.4, nao hautafikia ngazi ya tahadhari ingawa mkulima anaumia vilevile. Dawa yake ni kuendelea kulinganisha na wastani wa kabla ya tahadhari ya kwanza kwa magulio manne yanayofuata.

Upungufu wa pili ni mzito zaidi. Chukua soko linalofunga shilingi 30 juu kila wiki, upana wake halisi ukiwa 35 kila gulio. Uwiano utabaki 1 siku zote. Baada ya magulio manane bei imetoka 700 hadi 940, na hakuna tahadhari hata moja iliyotoka. Kwa familia inayonunua unga, huo ndio upandaji unaoumiza zaidi, na kipimo hiki kwa asili yake hakiuoni.

7. Mapendekezo

Kwanza, kila soko litakaloshiriki lianze kuandika bei tatu kwa kilo, kwa mizani, na lisitume tahadhari yoyote hadi litimize magulio tisa, maana upana halisi wa gulio la kwanza haupatikani. Pili, ngazi za 1.5 na 2.5 zipitiwe baada ya msimu mmoja wa mavuno kwa kuhesabu tahadhari zilizokuwa na sababu na zilizotokana na makosa ya daftari. Tatu, kila ujumbe uwe na mwelekeo, shilingi na sababu iliyothibitishwa, au useme wazi kwamba sababu bado inatafutwa. Nne, safu moja iongezwe kwenye daftari: bei ya kufungia ya leo kutoa ile ya magulio manane yaliyopita. Ikizidi asilimia 20 ya bei ile ya zamani, tahadhari itoke hata kama uwiano wa upana umetulia. Katika mfano wa mwisho, 240 kwa 700 ni zaidi ya asilimia 34. Safu hiyo ingeshapiga kengele kwenye gulio la nane, na ofisa masoko angekuwa na namba ya kupeleka kwa kamati ya chakula ya wilaya.